Kutoka foto ya kalendari mpaka liste ya tarehe: namna ya kuandika programu ya mwezi bila kupoteza siku

Wandugu wakulima, siku hizi programu ya mwezi haifike tena kwa barua. Inafika kwa WhatsApp, katika telefone ya prezida ao ya sekreteri, nayo ni foto ya ekra: kalendari ya mwezi muzima, visanduku vidogo vidogo, kila kisanduku na tarehe yake, na ndani maneno mafupi juu ya kazi ya ile siku. Mwenye kutuma anaona iko wazi. Lakini memba mwenye telefone ya bouton hawezi kuiona, radio haiwezi kuisoma, na kuibandika kwenye ukuta wa depo ni kazi bure, juu maandishi ni madogo sana. Lazima mtu moja akae, aigeuze iwe liste ya kawaida: tarehe, siku, saa, kazi. Mustari moja, jambo moja.

Kazi hiyo inaonekana rahisi, lakini ndani yake kuna mitego, na sisi watu wa kahawa mitego hiyo tunailipa kwa kilo. Kahawa nyekundu ikishachumwa inapashwa kumenywa siku ile ile. Ukiichuma siku ya pili na kamio inakuja siku ya tatu, inalala ndani ya mufuko, inapata moto, inaanza kuchacha, na kule kwenye stesheni ya kuosha wataikataa ao wataichukua kwa bei ya chini. Kosa la kisanduku kimoja katika liste ni mavuno ya siku moja ya kijiji kizima.

Ndiyo maana tunachukua hapa mfano moja na kuufuata mpaka mwisho. Tuseme ni koperative ya kahawa kando ya ziwa Kivu. Iko na vituo vitatu vya kukusanyia: Soko, Shule na Daraja. Mununuzi anakaa Kampala, naye ametuma foto ya kalendari ya mwezi wa 4 mwaka 2026. Foto imekatwa kidogo upande wa juu, majina ya siku hayaonekane.

Mbele ya yote: foto yenyewe

WhatsApp inapunguza uzito wa foto, na maandishi madogo yanakuwa kama moshi. Namba 3 na namba 8 zinafanana, 1 na 7 vilevile. Kama huwezi kusoma vizuri hata ukikuza, usikisie. Omba mwenye kutuma aitume tena kama dokima, si kama foto: anagusa alama ya kufunga faili, anachagua `Document`, halafu anachagua ile foto. Ikipita njia hiyo inafika na uzito wake wote.

Kisha uweke foto ya kwanza pembeni, usiifute. Hata liste ikiisha, hiyo foto ndiyo ushahidi siku watu watabishana.

Juma linaanza siku gani?

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Kalendari zetu za Kifaransa zinaanza na siku ya kwanza ya kazi upande wa kushoto, na siku ya Mungu inakuja mwisho. Kalendari nyingi za watu wa Kiingereza zinaanza na siku ya Mungu kushoto, na siku ya posho inakuja mwisho. Ukisoma kalendari ya namna ya pili kwa macho ya namna ya kwanza, tarehe zitakuwa za kweli lakini majina ya siku yote yatasogea. Memba atasikia "tarehe 7, siku ya tatu", na yeye atashika neno gani? Wengi katika kijiji wanashika siku, hawashike tarehe.

Hata kama majina ya juu yanaonekana, yanaweza kukudanganya. Mara nyingi ni herufi moja moja tu: kwa Kifaransa kuna M mbili, kwa Kiingereza kuna T mbili na S mbili. Usiziamini peke yake.

Dawa ni kutafuta siku moja unayoijua kwa hakika, kama mti wa kufungia mbuzi. Katika mwezi wa 4 mwaka 2026 siku hiyo ni rahisi: Pasaka ni tarehe 5, na Pasaka haiangukake siku nyingine isipokuwa siku ya Mungu. Angalia 5 iko wapi kwenye foto. Kama iko mwisho kabisa kuume, kalendari inaanza na siku ya kwanza. Kama iko mwanzo kabisa kushoto, inaanza na siku ya Mungu. Katika foto yetu, 5 iko kushoto kabisa, chini ya 29. Basi tumejua: kolone ya kushoto ni siku ya Mungu, ya pili ni siku ya kwanza, na kuendelea mpaka siku ya posho kuume. Tarehe 1 iko katika kolone ya ine, ni kusema siku ya tatu. Ukifungua kalendari ya telefone yako utaona vilevile: tarehe 1 mwezi wa 4, 2026, ni siku ya tatu.

Jambo lingine juu ya majina. Sisi huku tunasema siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema Jumatatu, na Jumatatu yao ni siku yetu ya kwanza, si siku ya tatu. Kama mununuzi anaandika kwa Kiswahili cha kule, "Jumatatu tarehe 6" ni siku ya kwanza, tarehe 6. Kila mara acha tarehe ikuongoze, kisha wewe uandike jina la siku kwa namna memba wako wanavyolisema.

Tarehe mbili zenye namba moja

Kalendari ya mwezi haijue kuacha visanduku vitupu. Mustari wa kwanza unajazwa na siku za mwisho za mwezi uliopita, na mustari wa mwisho unajazwa na siku za kwanza za mwezi unaokuja. Siku hizo zinaandikwa kwa rangi hafifu, kijivu. Lakini foto ikipita telefone tatu ine, kijivu na nyeusi vinakuwa kitu kimoja.

Katika foto yetu mustari wa kwanza unasoma hivi: 29, 30, 31, 1, 2, 3, 4. Mustari wa tano, wa mwisho, unasoma 26, 27, 28, 29, 30, 1, 2. Angalia vizuri: 29 iko mara mbili, 30 iko mara mbili, 1 iko mara mbili, na 2 iko mara mbili. Na visanduku hivyo si vitupu. Katika 30 ya juu kumeandikwa "Kupima mizani", katika 30 ya chini kumeandikwa "Malipo". Mutu akivichanganya, siku ya malipo watu watakuja na mizani, ao tuseme mwezi muzima kabla ya wakati watakuja kuomba pesa.

Kanuni ni fupi. Katika mustari wa kwanza, namba kubwa kupita 7 ni ya mwezi uliopita. Katika mustari wa mwisho, namba ndogo, 1 ao 2 mpaka 6, ni ya mwezi unaokuja. Basi 30 ya juu ni tarehe 30 mwezi wa 3, na 2 ya chini ni tarehe 2 mwezi wa 5. Ziandike pembeni na mwezi wao kamili. Usizitupe, juu zinaweza kuwa na kazi, lakini usiziingize katika liste ya mwezi wa 4.

Andika mifupa kwanza, nyama baadaye

Sasa chukua kaye. Mbele ya kuandika kazi hata moja, andika tarehe zote 30 za mwezi, moja chini ya nyingine, kila moja na jina la siku yake. Ni kazi ya dakika kumi. Wengine wanaona ni kupoteza wino, wanapenda kuandika tu siku zenye kazi. Lakini ile mifupa ndiyo inayokuzuia kuruka. Ukiandika siku zenye kazi tu, siku yenye kazi uliyoisahau inafanana kabisa na siku isiyo na kazi: zote mbili hazipo.

Kisha pita kisanduku kwa kisanduku, toka kushoto kwenda kuume, mustari kwa mustari, kama mtu anayepalilia. Kisanduku kikiwa na kitu, andika sawa vile kilivyo, hata kama neno limekatika. Kikiwa kitupu, weka kistari. Usiruke, usianze na siku unazozipenda. Ukikatizwa na mgeni, utajua ulifika wapi, juu kisanduku cha mwisho kina alama.

Kuna telefone zinazoweza kusoma maandishi ndani ya foto na kuyatoa kama maneno ya kunakili. Google Lens ni moja yao. Kwa barua ya kawaida inasaidia. Kwa kalendari ya visanduku, chunga. Mara nyingi inasoma toka kushoto kwenda kuume bila kujali ukuta wa kisanduku. Mustari wa ine wa foto yetu inaweza kuutoa hivi:

```
19 20 21 22 23 24 25
14:00 Kahawa S… 14:00 Kahawa D…
```

Siku saba, kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya siku gani? Visanduku vitupu vimepotea, na pamoja navyo imepotea habari yote tuliyoitafuta. Kwenye foto, jicho linaona mara moja: ya kwanza iko chini ya 21, ya pili iko chini ya 23. Kama unatumia njia hiyo, itumie tu kwa kunakili maneno marefu, lakini tarehe uziandike wewe mwenyewe ukiangalia foto.

Kamba ndefu inayopita siku nyingi

Si kila kazi inakaa ndani ya kisanduku kimoja. Kazi ya siku nyingi inachorwa kama kamba ya rangi, inaanza kwenye kisanduku kimoja na kupita ukuta mpaka kingine. Ikifika mwisho wa juma, kamba inakatika kuume na inaanza tena kushoto kwenye mustari wa chini.

Katika foto yetu, tarehe 10 kunaanza kamba yenye neno "Mashine". Inapita 10 na 11, halafu mustari unaisha. Kwenye mustari wa chini, chini ya 12, 13 na 14, kuna kamba ya rangi ile ile, neno "Mashine" limeandikwa tena. Mtu anayesoma haraka anaandika mambo mawili: mashine tarehe 10 mpaka 11, na mashine tarehe 12 mpaka 14. Mwingine haoni mustari wa chini, anaandika 10 mpaka 11 tu. Huyu wa pili ndiye wa hatari. Mashine ya kumenya kahawa itakuwa inatengenezwa siku tano, hakuna kahawa itakayopokelewa, na yeye anaambia watu wachume tarehe 12.

Namna ya kutambua ni kuangalia ncha za kamba. Kamba iliyoisha kweli iko na ncha ya mviringo ndani ya kisanduku. Kamba inayoendelea inagonga ukingo wa kalendari, na mara nyingi ncha yake imekatwa sawa ao imechongwa kama mshale. Ukiona kamba inagonga ukingo wa kuume, shuka kwenye mustari wa chini, kushoto kabisa, utafute mwenzake wa rangi ile ile. Kisha uandike jambo moja tu, na tarehe ya mwanzo na ya mwisho: 10 mpaka 14. Katika mifupa ya kaye, weka alama kwa siku zote tano, ili mtu asije akaona siku ya 12 ni tupu.

Maneno yaliyokatika na kazi zilizofichwa

Kisanduku ni kidogo, maneno ni marefu. Ekra inayakata na kuweka nukta tatu. Katika foto yetu karibu kila kazi ya kahawa imeandikwa "Kahawa S…" ao "Kahawa D…". D ni Daraja, hakuna kituo kingine cha D. Lakini S inaweza kuwa Soko, inaweza kuwa Shule. Hapa hakuna hesabu itakayokusaidia. Unaweza kufikiri wanapokezana, mara Soko, mara Shule, lakini hiyo ni mawazo yako, si programu. Andika "S ??" na uendelee.

Hatari kubwa zaidi ni kazi isiyoonekana kabisa. Kisanduku kikijaa, kalendari inaonyesha kazi mbili tatu na kuweka alama chini: `+2`, ao `2 more`, ao kwa Kifaransa `2 autres`. Katika foto yetu, tarehe 16 imeandikwa "14:00 Kahawa D…", "16:00 Mkutano", na chini yake `+2`. Ile alama si pambo. Inasema: kuna kazi mbili zingine siku hii, na wewe huwezi kuziona. Hata ukikuza foto mpaka ijaze ukuta, hazitatoka, juu hazipo ndani ya foto. Ni yule mwenye kalendari peke yake anayeweza kuzifungua. Katika kaye andika mistari miwili mitupu chini ya tarehe 16, kila moja na "??".

Ukimaliza foto nzima, kusanya alama zako zote za "??" na umtumie mununuzi swali moja, si maswali kumi kwa siku kumi. Swali letu lilikuwa hivi:

```
Tunaomba utufafanulie kalendari ya mwezi wa 4:
Kahawa S… ya tarehe 1, 7, 15, 21, 28 na 2/5: ni Soko ao Shule?
Tarehe 16: kazi mbili zilizofichwa ni zipi, na saa gani?
Saa zilizoandikwa ni saa za Kampala ao za Kivu?
```

Jibu katika mfano wetu: tarehe 1, 15 na 28 ni Soko, tarehe 7, 21 na 2/5 ni Shule. Tarehe 16 kazi zilizofichwa ni "16:30 Kahawa Shule" na "17:00 Kugawa mifuko". Angalia: ndani ya ile `+2` ndogo kulikuwa kamio nzima ya kituo cha Shule. Bila swali, watu wa Shule wangekaa wiki mbili, toka 7 mpaka 21, kahawa ikianguka chini ya miti.

Saa ya nani?

Swali la tatu halikuwa la mchezo. Kampala iko mbele ya Kivu kwa saa moja. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kalendari ya telefone inaonyesha saa za mahali telefone iko. Kama kazi imewekwa 13:00 saa za Kivu, telefone iliyo Kampala itaonyesha 14:00, na foto iliyotoka kwenye ile telefone itasema 14:00. Mununuzi amejibu: saa ni za Kampala. Basi kila saa ya foto tunaipunguza moja: 14:00 inakuwa 13:00, 16:00 inakuwa 15:00, 16:30 inakuwa 15:30, 17:00 inakuwa 16:00.

Kazi za siku nzima, kama Malipo ao Mashine, hazina saa na hazibadilike. Hizo usiziguse.

Na kwa kuandika saa, tunashauri namba za saa 24. Ukiandika "saa saba", mmoja anahesabu kwa Kiswahili, anaelewa saa saba ya muchana, 13:00. Mwingine amezoea kuhesabu kwa Kifaransa, anaelewa 07:00 asubuhi, naye atafika na kahawa aliyochuma jana. "13:00" haina watu wawili.

Liste yenyewe

Hii ndiyo liste ya mwezi wa 4, baada ya majibu. Siku tupu tumezitoa sasa, juu zimemaliza kazi yao katika kaye.

```
MWEZI WA 4, 2026 (saa za Kivu)
01/04 siku ya tatu   13:00 Kahawa Soko
02/04 siku ya nne    13:00 Kahawa Daraja
05/04 siku ya Mungu  Pasaka
06/04 siku ya kwanza Sikukuu
07/04 siku ya pili   13:00 Kahawa Shule
09/04 siku ya nne    13:00 Kahawa Daraja
10/04 mpaka 14/04    Mashine inatengenezwa
15/04 siku ya tatu   13:00 Kahawa Soko
16/04 siku ya nne    13:00 Kahawa Daraja
16/04 siku ya nne    15:00 Mkutano
16/04 siku ya nne    15:30 Kahawa Shule
16/04 siku ya nne    16:00 Kugawa mifuko
21/04 siku ya pili   13:00 Kahawa Shule
23/04 siku ya nne    13:00 Kahawa Daraja
28/04 siku ya pili   13:00 Kahawa Soko
30/04 siku ya nne    Malipo
```

Tarehe imerudiliwa kwenye kila mustari, hata tarehe 16 yenye mambo mane. Usiandike tarehe mara moja na kuacha mistari mitatu chini yake bila tarehe. Siku mtu atakata karatasi, ao atanakili mustari moja tu, ule mustari utakuwa yatima.

Kuhesabu mbele ya kutuma

Kuna njia mbili za kuhakikisha, na zote mbili ni za lazima. Ya kwanza ni hesabu. Rudi kwenye foto, hesabu mambo kwa kila mustari wa juma: wa kwanza 3, wa pili 5, wa tatu 3 pamoja na 2 yaliyofichwa, wa ine 2, wa tano 4. Kamba ya Mashine tumeihesabu mara moja tu, pale inapoanzia. Jumla ni 19. Toa matatu ya miezi mingine: Kupima mizani ya 30/03, Sikukuu ya 01/05, na Kahawa Shule ya 02/05. Yanabaki 16. Hesabu mistari ya liste: 16. Kama hesabu haikubaliane, kuna kitu umeruka ao umekiandika mara mbili, na unajua sasa utafute kwa juma gani.

Ya pili inahitaji watu wawili. Moja anashika foto, mwingine anashika liste. Mwenye liste anasoma kwa sauti toka chini kwenda juu: "Tarehe 30, Malipo. Tarehe 28, Kahawa." Mwenye foto anatafuta na kusema ndiyo ao hapana. Kusoma toka mwisho kunasaidia juu macho hayawezi kukimbia kwa mazoea. Na yule anayeshika foto asiwe yule aliyeandika.

Kwa mesaje ya telefone

Liste nzima ni ya ukuta na ya radio. Memba wa Shule hahitaji kusoma siku za Daraja. Kata liste kwa kituo, na kila kituo kipate mesaje yake:

```
KAHAWA SHULE mwezi wa 4/2026: 7 (s. ya pili) 13:00; 16 (s. ya nne) 15:30; 21 (s. ya pili) 13:00. Tarehe 10-14 mashine imefungwa. Malipo 30/4.
```

Mesaje moja ya kawaida inabeba herufi na alama 160, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Hii yetu inafika karibu 140, inaingia vizuri. Lakini chunga alama za pekee. Herufi moja tu isiyo ya kawaida, kama ê, ao ile apostrofi iliyopinda ambayo telefone zingine zinaiweka zenyewe katika neno kama ng'ombe, inafanya mesaje yote ihesabiwe kwa namna nyingine, na nafasi inashuka toka 160 mpaka 70. Mesaje moja inakuwa mbili ao tatu, na koperative inalipa kila moja. Tumia apostrofi iliyo sawa, acha michoro ya furaha na mioyo.

Kalendari ikibadilika katikati ya mwezi

Itabadilika. Kamio itaharibika, mvua itakata barabara, mununuzi atatuma foto nyingine. Usisahihishe liste ya zamani kwa kufuta na kuandika juu. Juu kabisa ya kila liste andika siku ilipotengenezwa, kwa mfano "Liste ya 28/03", kisha ukipata foto mpya utengeneze "Liste ya 12/04". Linganisha hizo mbili mustari kwa mustari, na kwa memba utume tu kilichobadilika, ukitaja ya zamani na mpya: "Shule: 21/04 imefutwa, sasa ni 22/04, siku ya tatu, 13:00." Ya zamani kwenye ukuta uitoe siku ile ile. Liste mbili kwenye ukuta moja ni mbaya kupita ukuta usio na liste.

Na mwezi unaokuja, mbele ya foto kufika, mwombe mununuzi jambo dogo. Katika Google Calendar, pale anapochagua kuona kwa mwezi, kuna namna nyingine inayoitwa `Schedule`, ao `Planning` kama telefone yake iko kwa Kifaransa. Inapanga kazi moja chini ya nyingine kwa tarehe, bila visanduku, na hakuna `+2`. Akikutumia foto ya ile, nusu ya mitego tuliyoisema haipo tena. Saa za Kampala tu ndizo zitabaki. Hizo utaendelea kuzipunguza wewe mwenyewe.